Dhahabu, mafuta na shaba: jinsi ya kupima kama kweli zinakwenda pamoja kabla hujashikilia mali

Shemeji yangu ni broka wa dhahabu. Anachukua mali kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Manyoni na Iramba, anaileta soko la madini hapa Dodoma. Mimi ni mhasibu, dhahabu nimeigusa kwa vidole mara chache tu. Siku moja EWURA walitangaza bei mpya za mafuta, dizeli ikapanda, na jioni akanipigia simu: "Shem, mafuta yamepanda, dhahabu lazima ifuate. Hii mali naiweka wiki tatu. Wewe mtu wa hesabu, niangalizie."

Nikamwangalizia, nikakosea, nikarudia. Ninachoandika hapa ni ile njia ya kurudia.

Hatua ya 1: Pata bei

Benki ya Dunia hutoa faili moja la bure lenye bei za bidhaa kwa kila mwezi kuanzia 1960. Linaitwa `CMO-Historical-Data-Monthly.xlsx`, na karatasi unayoitaka ndani yake ni `Monthly Prices`. Dhahabu imo kwa dola kwa wakia, mafuta ya Brent kwa dola kwa pipa, shaba kwa dola kwa tani. Achana na picha za chati zinazozunguka WhatsApp. Chati yenye mistari miwili na vipimo viwili tofauti pembeni inaweza kufanya chochote kifanane na chochote, hata bei ya karanga za Kibaigwa na dhahabu ya London.

Hatua ya 2: Panga karatasi yako

Fungua karatasi mpya. A iwe mwezi, B dhahabu, C mafuta, D shaba, E fedha (ile inayovaliwa, si hela). Miaka kumi inatosha kuanzia, yaani bei 121, mstari wa 2 hadi wa 122. Mimi natumia LibreOffice Calc kwenye kompyuta. Kwa simu usijaribu, utaumia macho na utakosea mstari.

Hatua ya 3: Geuza bei kuwa mabadiliko

Hapa ndipo nilipokesha, na ndipo wengi wanapodanganywa bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza nilichukua bei zenyewe nikaziweka kwenye kipimo cha uwiano. Kipimo hiki hutoa namba kati ya -1 na 1. Karibu na 1, vitu viwili hupanda na kushuka pamoja. Karibu na -1, kimoja kikipanda kingine hushuka. Karibu na 0, kila mmoja na safari yake. Ili uone mwenyewe kilichotokea, nitatumia wastani wa bei za mwaka mzima, maana ni chache na unaweza kuzijaribu sasa hivi:

```
Mwaka  Dhahabu  Brent   Shaba
2015   1161     52.4    5510
2016   1249     44.0    4868
2017   1258     54.4    6170
2018   1269     71.1    6530
2019   1392     64.0    6010
2020   1770     42.3    6174
2021   1800     70.4    9317
2022   1801     99.8    8822
2023   1943     82.6    8490
2024   2388     80.7    9142
```

Dhahabu na shaba kwa bei zenyewe zinatoa 0.83. Dhahabu na mafuta, 0.56. Nilipoona 0.83 nikampigia shemeji nikamwambia ana hoja, vitu hivi vinatembea pamoja. Akaweka mali.

Sasa soma safu ya dhahabu na ya shaba taratibu, mwaka kwa mwaka. Mwaka 2020 dhahabu ilipanda asilimia 27 na shaba ikapanda chini ya asilimia 3. Mwaka 2021 shaba iliruka asilimia 51, dhahabu haikufika hata asilimia 2. Huo ndio mwendo wa pamoja? Kilichoipa kipimo ile 0.83 ni jambo moja tu: zote mbili mwishoni mwa miaka kumi zilikuwa ghali kuliko mwanzoni. Kwa njia hiyo hiyo ungepata namba kubwa ukilinganisha urefu wa mtoto wako na bei ya kiwanja Nala. Vyote vimekua, lakini hakuna kinachomvuta mwenzake.

Anayenunua leo na kuuza baada ya wiki tatu hana shida na kwamba vitu vilipanda ndani ya miaka kumi. Anauliza: mwezi ambao mafuta yamepanda, dhahabu nayo ilipanda? Hilo ni swali la mabadiliko. Kwa hiyo tengeneza safu nne mpya, F hadi I, uanzie mstari wa 3:

```
F3: =B3/B2-1
G3: =C3/C2-1
H3: =D3/D2-1
I3: =E3/E2-1
```

Vuta hadi mstari wa 122. Kisha pima uwiano wa dhahabu na mafuta, na shaba, na fedha:

```
=CORREL(F3:F122,G3:G122)
=CORREL(F3:F122,H3:H122)
=CORREL(F3:F122,I3:I122)
```

Ukiifanya kazi hii kwa ile mifano ya mwaka hapo juu, 0.83 ya shaba inageuka kuwa -0.25. Ya mafuta inatoka 0.56 kwenda -0.72. Takwimu ni zilezile, na hakuna aliyeghushi kitu. Nilikuwa nimejibu swali ambalo shemeji hakuliuliza.

Kuna mitego mitatu humu ndani. Wa kwanza, ukikutana na nukta nukta badala ya namba kwenye faili, hiyo ni bei iliyokosekana. Usiijaze sifuri, maana badiliko linalofuata litalipuka. Wa pili, kama kompyuta yako imepangwa kutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali, bei zilizonakiliwa zinaweza kukaa kama maandishi. Dalili yake ni namba kujipanga kushoto mwa kisanduku. Ukiweka bei zenyewe kwenye CORREL, haitapiga kelele, itaziruka kimyakimya.

Wa tatu ndio ulionila usiku mzima: safu moja ilikuwa imeteleza mstari mmoja chini. Dhahabu ya Machi ilikuwa inalinganishwa na shaba ya Februari, na majibu yalikuja yamekaa vizuri kabisa, hayana kosa lolote la kuonekana. Ndiyo maana nakuambia uweke safu ya fedha hata kama huuzi fedha. Fedha ndiyo jirani halisi wa dhahabu. Kwa mabadiliko ya mwezi kwa miaka kumi, uwiano wao hukaa juu, kwa kawaida zaidi ya 0.6. Fedha ikikutolea 0.1, usianze kufikiria uchumi wa dunia. Rudi uangalie mistari. Haigundui kila kuteleza, kwa sababu safu ya shaba peke yake inaweza kuwa ndiyo imehama, kwa hiyo chagua pia miezi miwili mitatu uikague kwa macho dhidi ya faili la awali.

Na usichanganye vyanzo. Namba za Benki ya Dunia ni wastani wa mwezi mzima. Ukichukua dhahabu ya hapo na mafuta ya siku ya mwisho ya mwezi kutoka tovuti nyingine, umeshapima vitu viwili vya nyakati tofauti.

Hatua ya 4: Usigeuze kuwa shilingi

Shemeji alitaka niweke kila kitu kwa shilingi, kwa sababu ndiyo anayolipwa. Nilikataa. Ukizidisha dhahabu kwa kiwango cha dola, na mafuta kwa kiwango kilekile, umeingiza kitu kimoja pande zote mbili, kwa hiyo zitaonekana ndugu hata zisipojuana. Pima kwa dola. Shilingi iweke safu yake pembeni, na iangalie kwa jicho kali: miezi ya mwisho ya 2024 shilingi iliimarika dhidi ya dola, na kwa mtu aliyeshika mali hilo linakata faida hata kama bei ya London haijatikisika.

Hatua ya 5: Jiulize namba ina uzito gani

Gawanya 2 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mabadiliko uliyonayo. Kwa mabadiliko 120 unapata karibu 0.18. Uwiano ulio ndani ya 0.18, juu au chini ya sifuri, unaweza kuwa bahati tu. Kwa mabadiliko 9 ya mfano wetu, mpaka ni karibu 0.67. Kwa hiyo ile -0.25 ya shaba haisemi kitu.

"Na ile -0.72 ya mafuta?" shemeji akaniuliza, maana imevuka mpaka. Alikuwa tayari kugeuza imani yake: mafuta yakipanda, uza. Nikafuta badiliko la mwaka 2020 peke yake, mwaka wa Korona ambao mafuta yaliporomoka na watu wakakimbilia dhahabu. Ikashuka hadi -0.61, na kwa mabadiliko 8 yaliyobaki mpaka ni 0.71. Mwaka mmoja ulikuwa umeibeba. Ukirudi nyuma kwenye faili hilohilo hadi 1974, utakuta dhahabu na mafuta vimepanda kwa kasi vyote viwili. Kuanzia katikati ya 2014 mafuta yalianguka kutoka juu ya dola 110 hadi chini ya 50 kufikia Januari 2015, na dhahabu karibu haikusogea.

Ndiyo sababu sipendi namba moja ya miaka kumi. Tengeneza safu ya uwiano unaotembea, wa miezi 36 kila mara:

```
J38: =CORREL(F3:F38,G3:G38)
```

Vuta hadi chini, uchore mstari. Ukiona unapanda, unavuka sifuri, unarudi, hiyo ndiyo habari yenyewe. Shaba hununuliwa na viwanda na watengeneza nyaya. Mafuta huchomwa. Dhahabu nyingi hukaa tu kwenye mabenki na shingoni, na benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka 2022, 2023 na 2024 bila kuangalia pipa la Brent linasemaje. Kinachoziunganisha mara kwa mara ni dola, kwa kuwa zote huuzwa kwayo. Dola ikidhoofika zinaweza kupanda pamoja. Viwanda vikisimama kwa hofu, zinaachana.

Hatua ya 6: Itumie kwa kazi yake

Dizeli ikipanda, karasha na pampu za kule mgodini zinakula zaidi. Iandike kwenye gharama. Usiisome kama ishara ya bei ya kesho.

Kisha fanya hesabu hii ndogo. Kwa wastani wa 2024, dola 2,388 gawanya kwa 31.1035, gramu moja ya dhahabu safi ni dola 76.8 hivi. Kipande cha gramu 10 ulichokadiria usafi wake zaidi kwa asilimia 2 kimekupotezea dola 15 papo hapo, bila mafuta wala shaba kuhusika.

Ile mali ya kwanza shemeji aliiuza baada ya wiki tatu kwa bei ileile ya dola aliyoikataa, na shilingi ikiwa imemla kidogo. Faili jipya hutoka mwanzoni mwa kila mwezi. Siku hizi ananiomba safu mbili tu, dhahabu na kiwango cha dola, ila ya fedha bado naiacha pale kwa ajili yangu mwenyewe.