SOMO: Kumhoji mteja mwenye gari inayochemka

Kila wiki mtu anauliza humu, "Inachemka, ni themostati?" Hilo ni swali funge, majibu yake ni ndiyo au hapana tu. Wanagereji wanaojifunza, fuateni hivi.

1. Anza na swali wazi: "Ilianzaje?" Kisha nyamaza.

2. Dodosa: inachemkia wapi, baada ya muda gani, na maji unaongeza kila baada ya siku ngapi?

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukiuliza "Inachemka kwenye foleni, eti?" umeshamtilia jibu mdomoni, naye atakubali kwa sababu wewe ndiye fundi. Utafunga feni mpya na gari itarudi kesho. Uliza "Mshale wa joto unapanda ukiwa wapi?" Akisema kwenye foleni, na barabara kuu unashuka, anza na feni, relei na fyuzi, maana gari ikikimbia upepo hupita kwenye rejeta hata bila feni. Akisema kwenye mlima au mwendo mrefu, shuku rejeta iliyoziba au wota pampu. Maji yakipungua na chini hakuna tone, fikiria gasketi ya silinda hedi. Onyo: "imechemka" kwa mwingine ni taa tu imewaka, kwa mwingine ni mvuke. Muulize aliona nini hasa.

3. Swali funge liweke mwisho, kuhakikisha: "Kwa hiyo barabara kuu mshale hautikisiki?"

4. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

MASWALI

– Mkuu, yangu inachemka, nibadilishe themostati?
Rudi namba 2. Hujasema inachemkia wapi.

– Nimeuliza tu, mbona ukali?
Si ukali. Ungeandika mstari mmoja zaidi ungeshajibiwa.

– Mteja akisema "sijui" kwa kila kitu?
Swali zuri. "Sijui" mara nyingi ina maana swali ni kubwa mno. Mrudishe kwenye siku moja: "Jana ulitoka wapi kwenda wapi? Ulisimama wapi?" Anasimulia safari, wewe unachukua unachotaka. Kama gari anaendesha dereva, mpigie dereva, tajiri hajui.

– Na fundi mkuu je? Nikimuuliza ananiambia "angalia tu".
Usimuulize "Nifungue feni?" Atasema ndiyo na hutajifunza kitu. Muulize akishamaliza, mikono imetulia: "Kaka, umejuaje si feni?" Halafu: "Ingekuwa feni, tungeona nini?" Hilo la pili ndilo lenye somo.

– Nyongeza: gari nyingi ukiwasha AC feni huzunguka, kwa hiyo uliza "Ukiwasha AC kwenye foleni mshale unafanyaje?"
Kweli. Ukishuka, feni ni nzima. Kagua sensa inayoiwasha.

– Wengine wanatoa themostati kabisa.
Injini inachelewa kupata joto na mafuta yanaliwa. Kama mteja hajui ilitolewa, uliza "Nani alifungua mara ya mwisho, na alitoa nini?"