Kaswende: hatua za kutibu na kuthibitisha kupona kwa RPR

Wauguzi wenzangu wa zahanati, tumchukue mama mmoja wa mfano. Ana upele usiowasha viganjani na nyayoni, na kipimo cha haraka cha kaswende kimetoka chanya. Si mjamzito.

1. Tambua ugonjwa umefika wapi. Kaswende huanza na kidonda kisichouma, mara nyingi wiki 3 hivi baada ya maambukizi. Kidonda hupona chenyewe, ndiyo maana wengi hawaji kliniki. Wiki kadhaa baadaye hutokea upele kama wa mama huyu, nao huisha bila dawa. Hapo ugonjwa hujificha na kuonekana kwa kipimo cha damu tu. Miaka mingi baadaye unaweza kuharibu moyo na ubongo. Mama yetu yuko hatua ya pili. Akiwepo mwenye dalili za macho, masikio au ubongo, mpe rufaa, maana sindano hii haimtoshi.

2. Toa damu ya RPR kabla ya kuchoma, siku hiyo hiyo. Hatua hii hurukwa sana, na bila namba ya mwanzo hutakuwa na cha kulinganisha. Ya mama imesoma 1:32, yaani damu imezimuliwa mara 32 na bado inaonyesha majibu.

3. Choma benzathini penisilini. Muulize kwanza kuhusu mzio. Dozi ni yuniti milioni 2.4, mara moja, ndani kabisa ya msuli wa tako. Kamwe si kwenye mshipa. Ukigawa nusu kila upande, maumivu hupungua. Dawa hii ni nzito na huziba sindano nyembamba, kwa hiyo tikisa vizuri na uchome mara tu ukishaichanganya. Mwambie anaweza kupata homa na kuumwa kichwa ndani ya saa 24. Hiyo si lazima iwe mzio.

Ugonjwa uliojificha zaidi ya miaka 2, au usiojulikana ulianza lini, unahitaji dozi hiyo kila wiki kwa wiki 3. Mjamzito hana dawa mbadala ya kuaminika ya kumlinda mtoto, hivyo asikose hata dozi moja.

4. Rudia RPR baada ya miezi 6 na 12. Usirudie kipimo cha haraka: kwa wengi hubaki chanya maisha yote, na nimeona watu waliopona wakichomwa tena kwa sababu yake. Tumia RPR, maabara ile ile ikiwezekana. Kushuka kutoka 1:32 hadi 1:16 hakutoshi, kwani tofauti ya ngazi moja inaweza kuwa ya usomaji tu. Tunataka ngazi mbili, yaani 1:8 au chini yake, ndani ya mwaka. Mama akisoma 1:8 mwezi wa 6 na 1:4 mwezi wa 12, dawa imefanya kazi, hata kama namba haitafika sifuri. Kwa ugonjwa uliojificha, subiri hadi miezi 24.

Ikipanda kutoka 1:4 hadi 1:16, rudia kipimo. Ikibaki juu, mchunguze upya na uulize kuhusu mwenzi wake. Aliyelala naye ndani ya siku 90 kabla ya ugonjwa kugunduliwa hutibiwa hata kama kipimo chake ni hasi.