Kiu, mkojo wa usiku na tone moja la damu: namna ya kupima kisukari mapema

Mtu akija kliniki na shaka ya kisukari, jambo la kwanza ninalomuuliza si kuhusu chakula. Namuuliza anaamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa, na kama zamani alikuwa hivyo. Jibu la swali hilo hunipa mengi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Chunguza mkojo na kiu

Figo huchuja sukari kutoka kwenye damu kisha huirudisha mwilini. Kazi hiyo ina kikomo. Kwa watu wengi, sukari ikipanda kufikia takriban milimoli 10 kwa lita, figo huzidiwa na sukari huanza kumwagikia kwenye mkojo. Sukari huvuta maji, ndiyo maana mkojo unakuwa mwingi, mwili unakauka na kiu inakuja. Wengi hudhani wanakojoa sana kwa sababu wanakunywa sana. Mambo huwa kinyume: mkojo ndio ulioanza, kiu imefuata.

Sasa angalia jambo moja ambalo watu hulikosa. Kisukari hutambuliwa sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7, ilhali mkojo na kiu huanza kusumbua karibu na 10. Katikati hapo mtu anaweza kukaa miaka akijiona mzima. Kwa hiyo hizi tunazoziita dalili za mwanzo mara nyingi ni za mwanzo kwa mgonjwa tu, ugonjwa wenyewe umeshapiga hatua. Kama mzazi au ndugu yako wa damu ana kisukari, una kitambi, una shinikizo la damu, au uliwahi kupata kisukari wakati wa ujauzito, pima hata kama huna kiu.

Hatua ya 2: Tafuta dalili zinazojificha

Hizi watu huzipeleka kwingine. Macho kuona ukungu, leo afadhali kesho vibaya. Kidonda kidogo mguuni kinachokaa wiki kadhaa bila kufunga. Fangasi sehemu za siri zinazorudi kila baada ya dawa. Ganzi au kuchomachoma kwenye nyayo. Uchovu, na kupungua uzito huku unakula vizuri tu. Moja peke yake inaweza kuwa na sababu nyingine kabisa, lakini zikikutana mbili tatu usiendelee kukisia.

Hatua ya 3: Chagua saa ya kupima

Kipimo kinachosomeka kirahisi ni cha asubuhi, baada ya kukaa saa 8 au zaidi bila kula. Maji matupu yanaruhusiwa. Chai yenye sukari, hata nusu kikombe, imeshaharibu kipimo, na mtu akiniambia "nimeonja tu" namwomba arudi kesho. Ukipima wakati wowote mwingine, andika ulikula lini, maana namba bila saa haina maana kubwa.

Hatua ya 4: Osha mikono, kisha choma

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na nitaeleza kwa kisa. Alikuja kaka mmoja wa miaka 47, dereva, akilalamikia macho. Alikuwa amebadilisha miwani mara mbili ndani ya miezi minne. Nikamuuliza habari za usiku.

"Naamka mara nne, daktari. Nilijua ni uzee."

Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa tundu jipya, la ndani zaidi. Nikampima pale pale, saa mbili hivi baada ya chakula cha mchana. Mashine ikaonyesha 17.9. Kabla sijaandika, nikasikia harufu ya chungwa kwenye vidole vyake. Alilimenya akiwa kwenye foleni. Akaenda kunawa kwa sabuni, akakausha, nikachoma kidole kingine: 13.2. Sukari ya tunda kwenye ngozi ilikuwa imeongeza karibu 5 za bure.

Basi fanya hivi. Nawa kwa sabuni na maji, ya uvuguvugu yakipatikana kwa sababu huleta damu vidoleni, kisha kausha vizuri, maana unyevu huchanganyika na damu na kuipunguza nguvu. Angalia tarehe ya mwisho kwenye kopo la vijiti vya kupimia. Toa kijiti kimoja na ufunge kopo mara moja, kwani unyevu wa hewa huviharibu. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, maumivu ni kidogo zaidi. Kila mtu atumie sindano yake mpya. Damu ikisita, ning'iniza mkono chini na uupapase kuelekea kidoleni, lakini usikamue ncha kwa nguvu, kwa sababu majimaji ya ngozi yatachanganyika na damu. Gusisha tone kwenye ukingo wa kijiti, chenyewe kitalivuta.

Hatua ya 5: Soma namba

Kwanza tazama kipimo kilichoandikwa kwenye kioo. Mashine nyingine husoma `mmol/L`, nyingine `mg/dL`. Ukiona 126 usizimie: gawanya kwa 18 upate 7.

Kwa sukari ya kabla ya kula, chini ya 6.1 ni kawaida kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, ingawa baadhi ya wataalamu huanza kuwa macho kuanzia 5.6. Kati ya 6.1 na 6.9 sukari imepanda lakini haijafika kisukari, na huo ndio wakati ambao kupunguza uzito na kutembea kila siku kunasaidia zaidi. Kuanzia 7 kwenda juu ni kiwango cha kisukari. Kwa kipimo cha wakati wowote, 11.1 au zaidi pamoja na dalili kama kiu, mkojo mwingi na kukonda inatosha kutushawishi. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ana kisukari. Wajawazito wana viwango vyao, wasitumie hivi.

Mashine ya kidole nayo inaweza kupishana na maabara kwa asilimia 15 hivi. Ikikuonyesha 7.2, ukweli unaweza kuwa pungufu ya 7. Ndiyo maana hatumwandikii mtu ugonjwa wa maisha kwa tone la kidole pekee. Tunachukua damu ya mshipa.

Yule dereva alirudi kesho yake bila kula. Kidole kilisoma 8.9, maabara 9.1. Akaanza matibabu, na nikamkataza kununua miwani ya tatu: sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo nayo, hivyo macho hupimwa upya baada ya sukari kutulia kwa wiki kadhaa.

Wakati wa kutosubiri asubuhi

Hatua za hapo juu ni za mtu anayetembea na kuzungumza vizuri. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena, anakunywa maji kupita kiasi na anakonda, apimwe siku hiyo hiyo, awe amekula au hajala. Akitapika, akipumua kwa kasi na kwa kina, akisinzia sana au pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, nenda hospitali moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa mtu yeyote ambaye mashine inamwonyesha `HI` badala ya namba: sukari yake imepita uwezo wa mashine kusoma.