Somo: Kupima maji na kimo cha kijito kabla ya kununua mtambo wa umeme

Nimeandika somo hili ili mtu atakayeniuliza tena "kijito chetu kinaweza kutoa umeme kiasi gani" nimwelekeze hapa, kwa maana swali hilo halijibiki kwa kutazama picha ya maporomoko. Linahitaji vipimo viwili tu: lita ngapi hupita kila sekunde wakati wa kiangazi, na maji yanashuka mita ngapi wima tangu yanapochotwa hadi yanapogonga gurudumu la mtambo. Mfano nitakaoutumia ni kijito kimoja cha vilima vya Vihiga, ambacho wenyeji walitaka kiwashe taa za nyumba zipatazo ishirini.

Hatua ya 1. Chagua mahali pa kuchotea maji penye mwamba au ardhi ngumu, na mahali pa mtambo panapofikika kwa miguu hata mvua ikinyesha.

Hatua ya 2. Pima maji, na uyapime kiangazi.

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu, kwa hiyo soma polepole. Huku kwetu magharibi, maji ya vijito hupungua sana kati ya Januari na mwanzo wa Machi, kabla ya mvua za masika. Kipimo cha wakati huo ndicho kinachochagua ukubwa wa mtambo. Kuna kikundi kilichopima mwezi wa Mei, kikapata lita 40 kwa sekunde, kikanunua mtambo wa kilowati 3. Ilipofika Januari kijito kilikuwa kimebaki na takribani robo ya maji hayo. Mtambo uliotengenezwa kwa lita 40 ukilishwa lita 10 hautoi robo ya umeme wake. Hutoa pungufu ya hapo, na wakati mwingine hautoi chochote cha maana. Dalili zake ni rahisi kuzitambua: maji kwenye tangi la juu yanashuka hadi mdomo wa bomba unaonekana, bomba linaanza kuvuta hewa na kukoroma, taa zinapepesa, kisha zinafifia. Wenyewe walilazimika kufunga maji, kusubiri tangi lijae, na kuwasha tena kwa muda mfupi.

Kwa kijito kidogo, njia ya kuaminika ni pipa. Ziba kijito kwa magunia ya udongo, pitisha maji yote kwenye kipande cha bomba pana, uyaelekeze ndani ya pipa la lita 200, na uhesabu sekunde. Usianze kuhesabu kabla maji yaliyozuiwa hayajatulia kwenye kiwango kimoja, la sivyo utapima maji pungufu ya yaliyopo. Pale Vihiga, mwezi wa Februari, pipa lilijaa kwa wastani wa sekunde 17, yaani lita 200 kugawanya kwa 17, ambazo ni karibu lita 11.8 kwa sekunde. Chungulia kando ya magunia: ukiona maji yanapenya, kipimo si sahihi.

Kijito kikiwa kikubwa kuliko pipa, tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 10, pima upana na wastani wa kina, na uangalie chungwa linaloelea linachukua sekunde ngapi kuvuka sehemu hiyo. Gawanya mita 10 kwa sekunde hizo upate kasi, zidisha upana kwa kina kwa kasi, vyote kwa mita, zidisha kwa 1000 upate lita kwa sekunde, kisha zidisha kwa 0.6, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayokwaruzana na mawe ya chini. Wanaosahau hiyo 0.6 hujipatia maji ambayo hayapo.

Usichukue maji yote. Kuna ng'ombe, kuna samaki, kuna watu wanaoteka maji kati ya pale unapochota na pale unapoyarudisha. Sisi tulikubaliana kuchukua lita 8 na kuacha zilizobaki zipite. Kibali cha kutumia maji hayo kiulizie Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba mtaro.

Hatua ya 3. Pima kimo.

Tumia mpira mwembamba unaoona ndani, ule ambao mafundi wa nyumba hutumia kusawazisha msingi. Ujaze maji na utoe viputo vyote vya hewa. Kiputo kimoja kikikwama katikati, ngazi za maji za pande mbili zitadanganya. Mtu wa kwanza anashika ncha moja ili maji ya mpira yalingane na uso wa maji pale mtakapochota, na wa pili anashuka mlimani akiwa ameinua ncha yake hadi maji yatulie. Pima kutoka ngazi hiyo ya maji hadi ardhini mguuni pake, uandike, kisha mtu wa kwanza ashuke asimame pale pale na mrudie. Jumlisha vipimo vyote. Halafu pimeni tena mkipanda. Majibu yakipishana kwa zaidi ya nusu mita, kuna ngazi mliyoisahau au mliyoihesabu mara mbili.

Kimo kinakoma kwenye mdomo wa bomba unaogonga gurudumu, wala si kwenye uso wa kijito chini ya bonde, na mtambo lazima ukae juu ya alama ya mafuriko. Alama hiyo haihitaji kitabu: tazama majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi ya vichaka vya kandokando. Pale Vihiga, kutoka juu hadi usoni mwa kijito ilikuwa mita 15, lakini majani yaliyonasa yalitulazimisha kupandisha mtambo, tukabaki na mita 12.6.

Hatua ya 4. Ondoa kimo kinacholiwa na bomba.

Maji yanapokimbia bombani hukwaruza kuta zake, na msuguano huo hula kimo. Bomba letu lilihitaji urefu wa mita 60. Kwa lita 8 kwa sekunde, bomba la plastiki la milimita 75 lingekula takribani mita 3.4, yaani zaidi ya robo ya kimo chote, ilhali la milimita 110 linakula karibu nusu mita tu. Tofauti ya bei inauma siku ya kununua, lakini bomba jembamba litakunyang'anya umeme kila saa. Geji ya presha haitakuonya maji yakiwa yamesimama, kwa kuwa wakati huo mabomba yote mawili huonyesha presha ile ile. Funga geji karibu na mtambo na uisome maji yakiwa yanakimbia.

Hatua ya 5. Fanya hesabu.

```
P = 5 × Q × H
```

P ni wati, Q ni lita kwa sekunde, H ni mita za kimo kilichobaki baada ya bomba kula sehemu yake. Nguvu kamili ya maji ingekuwa 9.81 × Q × H, lakini mtambo mdogo na jenereta yake kwa pamoja hutoa takribani nusu. Kwa kijito chetu: 5 × 8 × 12 ni wati 480. Ukiona ni kidogo, kumbuka kwamba maji hayalali: wati 480 kwa saa 24 ni karibu yuniti 11.5 kwa siku. Nyumba ishirini zenye taa tatu za wati 7 kila moja zinahitaji wati 420, kwa hiyo wati 480 zinatosha. Kwa pasi ya umeme hazitoshi, na msijaribu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kakamega: Fundi, mto wetu una maji mengi sana na haujawahi kukauka. Ninunue mtambo wa kilowati ngapi?

Jibu: Soma hatua ya 2 na ya 3, kisha urudi na namba mbili.

Mwanachama wa Kakamega: Nimepima kimo kwa simu, inaonyesha mita 30.

Jibu: Simu inaweza kukosea mita kadhaa ukiwa kwenye bonde lenye miti, na makosa ya sehemu ya juu na ya chini yanaweza kujumlishana. Mpira wa maji ni bei rahisi kuliko mtambo usiofaa.

Mwanachama wa Nakuru: Je, umeme tutakaopata hauwezi kuendesha pampu irudishe maji juu, ili yasiishe kiangazi?

Jibu: Hapana. Kila lita utakayoirudisha itahitaji umeme mwingi kuliko ule iliotoa ikishuka.

Mwanachama wa Kapsabet: Asante kwa somo, mwalimu. Kiangazi kimeshapita, na sitaki kuacha miezi mingi ipotee bure. Kuna njia ya kufuatilia maji ya kijito mwaka mzima bila kuziba na kubeba pipa kila mara?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Tengeneza kizuio cha ubao na ukikate pengo la umbo la V lenye pembe ya digrii 90, kingo zake ziwe nyembamba, maji yaanguke huru huku hewa ikipita chini yake. Chomeka rula upande wa juu, angalau nusu mita kutoka kwenye pengo, na sifuri yake ilingane na ncha ya chini ya V. Ukiisoma kwenye pengo lenyewe, maji yatakuwa yameshainama na utapata pungufu. Maji yakisimama sentimita 10, zinapita karibu lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 15 ni lita 12. Sentimita 20 ni lita 25. Angalia jinsi namba zinavyoruka: kosa la sentimita moja ni kubwa. Mtoto anayepita hapo akienda shule anaweza kuandika namba ya rula kwenye daftari kila asubuhi. Toa matope yanayojaa nyuma ya ubao.

Mwanachama wa Kisii: Mtambo utakuwa mita 400 kutoka nyumbani. Tunaweza kusafirisha umeme wa volti 24 ili usiwe hatari?

Jibu: Kwa umbali huo hautafika. Wati 480 kwa volti 24 ni ampea 20, na waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi mita 800, una ukinzani wa karibu omu 6. Ampea 20 zingehitaji volti 120 za kupotea njiani, nawe huna. Kwa volti 240 ni ampea 2 tu, unapoteza takribani volti 12. Mafundi wa umeme wafunge vikata umeme na waya wa ardhi, na pawepo kidhibiti kinachopeleka umeme usiotumika kwenye hita ya maji, kwani watu wote wakizima taa kwa pamoja gurudumu hukimbia kupita kiasi na volti hupanda hadi kuunguza balbu.

Mwanachama wa Mbale: Nimepima jana. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 5, na kimo kwa mpira ni mita 31, tumekipima mara mbili.

Jibu: Umefanya kazi safi. Hiyo ni lita 4 kwa sekunde. Bomba likila mita 2, utapata karibu wati 580, na kwa kimo hicho gurudumu la vikombe linalogongwa na mdomo mwembamba wa maji litakufaa. Lakini ndoo inayojaa kwa sekunde 5 hukupa kosa kubwa la saa, kwa hiyo rudia kwa pipa. Halafu jana ilikuwa Juni. Usinunue kitu hadi upime tena Februari.