Wageni wa harusi ya Tanga kutoka miji minne, wakutane Doha

Harusi ikipangwa kufungwa Tanga, ndugu walioko nje huanza kutafuta tiketi kila mmoja kwa mji wake, kisha tarehe zikikaribia ndipo huulizana kama wanaweza kukutana njiani. Mpangilio huo umegeuzwa chini juu. Anayeratibu safari anapaswa kuanza na kipande cha mwisho, yaani ndege moja inayotoka uwanja wa kuunganishia kwenda Dar es Salaam, na kila mgeni anunue tiketi moja, kutoka mjini kwake hadi Dar, ambayo ndani yake imo ndege hiyo. Mgeni asinunue tiketi ya kufika uwanja wa kuunganishia kisha nyingine ya kuendelea mbele. Tiketi ikiwa moja, kwa kawaida mizigo huandikiwa Dar tangu mwanzo, na ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kumpatia abiria ndege nyingine. Zikiwa mbili, aliyechelewa amepoteza ya pili, na pengine akahitaji viza ili atoke nje kuchukua mizigo na kuiandikisha upya.

Nitaeleza kwa mfano wa wageni kumi na wanne: watano Washington, wanne London, wawili Oslo na watatu Maskati. Akdi ni Jumamosi ya mwezi wa Julai, mtaa wa Ngamiani mjini Tanga. Uwanja wa kukutania ni Doha. Ningeweza kuchagua Istanbul au Addis Ababa, na miji yote hiyo mitatu ina faida moja kubwa, kwamba saa zake ni sawasawa na za Tanzania mwaka mzima, hivyo saa iliyoandikwa kwenye tiketi pale ndiyo saa ya Tanga. Dubai na Maskati ziko mbele kwa saa moja. Kuhusu Addis Ababa kuna jambo la kuangalia: Ethiopia imo katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na abiria anayekaa pale zaidi ya saa 12 akisubiri ndege hudaiwa cheti cha chanjo anapoingia Tanzania. Doha haina sharti hilo, na baadhi ya wageni wangu walikuwa na masubiri marefu.

Tuseme ndege tuliyoichagua inaondoka Doha Alhamisi saa 2:10 asubuhi na kutua Dar saa 8:10 mchana. Sasa tunarudi nyuma. Wa Washington wanaondoka Jumatano saa 4:40 asubuhi ya kwao, wanaruka kwa saa 12 na dakika 20, na kwa kuwa mwezi wa Julai Doha iko mbele ya Washington kwa saa saba, wanatua Alhamisi saa 12 kamili asubuhi. Wa London wanaondoka Jumatano saa 3 usiku na kutua saa 11:45 alfajiri. Wa Maskati wanaondoka Alhamisi yenyewe saa 10:30 alfajiri na kutua saa 11, maana saa yao inarudi nyuma. Wa Oslo ndio wanaotangulia: wanatua Jumatano saa 5 usiku na kukaa saa tisa. Nimewaachia masubiri hayo kwa makusudi, kwa sababu kutoka Oslo hapakuwa na ndege nyingine iliyowahi ile ya asubuhi.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba hatari haiko sawa kwa wote. Wa Washington wana saa mbili na dakika kumi tu kati ya kutua na kuondoka, na ndani ya muda huo wanapita ukaguzi wa usalama na kutembea mwendo mrefu. Mlango wa ndege kwa kawaida hufungwa dakika 20 kabla ya kuondoka. Shirika litakubali kuuza tiketi yenye masubiri mafupi hata kuliko hayo, lakini kukubaliwa na mfumo wa tiketi si sawa na kufaa kwa mama wa miaka sabini. Katika kundi hilo la watano alikuwamo bibi wa bi harusi, hivyo yeye na binti yake tuliwatanguliza kwa siku moja, wakafika Tanga Jumatano. Nilipendelea tuwakose wawili kwenye picha ya pamoja Doha kuliko tuwakose kwenye akdi.

Jambo la saa lina mtego mwingine, nao ni wa lugha yetu wenyewe. Katika harusi iliyopita ya ukoo wetu, ami yangu alikuwa na ndege ya Alhamisi saa 00:40. Sisi tulimwandikia kwamba safari ni «Alhamisi usiku, saa sita na dakika arobaini». Akaenda uwanjani Alhamisi baada ya isha, na ndege ilikuwa imeshaondoka karibu siku nzima kabla. Kosa lilikuwa letu tuliomwandikia. Wazee wetu wa pwani husema «usiku wa Alhamisi» wakimaanisha usiku unaoitangulia Alhamisi, vijana waliokulia nje humaanisha usiku unaoifuata, na tiketi haina usiku wala mchana. Tangu hapo, kwa kila ndege inayoondoka kati ya saa sita usiku na alfajiri, naandika mambo mawili pamoja: saa kama ilivyo kwenye tiketi, na sentensi inayosema siku na saa ya kutoka nyumbani. Kwa ndugu wa Maskati ilikuwa hivi: «Alhamisi 04:30. Jumatano mkishaswali isha msilale, tokeni nyumbani saa saba usiku.» Alama ya +1 iliyo kando ya saa ya kufika nayo ielezwe, maana yake ni kwamba ndege inatua siku inayofuata.

Majina yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. Jina la tiketi hufuata pasipoti, si jina tunalomwitia mtu. Anayeratibu asiulize «Jina lako kamili nani?», kwa kuwa atajibiwa jina lake, la baba na la babu kwa mpangilio wa nyumbani, wakati pasipoti ya Norwei au ya Marekani huenda imelichukua jina la babu kuwa la ukoo na kuliacha la baba, au imeyaunganisha mawili. Mwambie asome mstari wa kwanza wa ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha, yenye alama za pembe:

```
P<TZAJINALAUKOO<<JINALAKWANZA<JINALAPILI<<<<
```

Herufi tatu baada ya `P<` ni nchi. Kinachofuata hadi alama mbili za pembe ni jina la ukoo, na kilicho baada yake ni majina mengine. Hivyo ndivyo tiketi inavyopaswa kusomeka, ukoo kwanza. Mashirika mengi hurekebisha herufi moja au mbili zilizokosewa, lakini hayabadilishi tiketi ya mtu mmoja kuwa ya mwingine, kwa hiyo kosa ligunduliwe siku ileile ya kununua, si uwanjani. Katika ukoo wenye kurithishana majina ya babu, nilikuwa na abiria wawili wenye majina matatu yanayofanana kabisa, mmoja London na mmoja Maskati, na niliwatofautisha kwenye orodha yangu kwa tarakimu tatu za mwisho za pasipoti.

Tarakimu tatu zinatosha. Picha za pasipoti zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la harusi, na vilevile ile namba ya bukingi yenye herufi na tarakimu sita. Mwenye namba hiyo na jina la ukoo anaweza kufungua safari nzima, akabadilisha kiti au hata kuifuta. Iwe kwa msafiri mwenyewe na mratibu mmoja.

Nauli ya kundi kwa kawaida huanzia abiria kumi wanaosafiri pamoja, na watu wa miji minne hawahesabiwi kundi isipokuwa shirika likubali kuwahesabu kwa kipande wanachokutana. Inafaa kuuliza, ila nisingeahirisha kununua kwa kusubiri jibu. Bila nauli hiyo, kila bukingi iko peke yake na mfumo haujui kwamba mnakwenda harusi moja. Wakala wa tiketi anaweza kuweka kwenye kila bukingi maelezo yaitwayo `TCP` yenye namba za bukingi nyingine za kundi, ili mhudumu anayepanga viti aone kwamba ni jamaa moja. Maelezo hayo husaidia, lakini hayamlazimishi mtu.

Kwa hiyo viti tulivigawa wenyewe. Sikujaribu kuwakalisha wote pamoja. Niliuliza tu nani hawezi kukaa bila nani: mtoto wa miaka mitano na mama yake, na mjomba asiyeona vizuri pamoja na mwanawe anayetoka London. Mwana alichagua 24D kwenye ndege ya Doha–Dar, akanitumia namba, na siku hiyohiyo mjomba aliyeko Maskati akachaguliwa 24E. Waliosalia walikaa popote. Ndege ikibadilishwa kwa aina nyingine, viti huvurugika bila taarifa ya maana, hivyo vikaguliwe tena siku tatu kabla, na mara nyingine pale tiketi za kupandia zinapotolewa. Msichague safu ya mlango wa dharura, maana wazee na watoto huondolewa pale. Na mwenye tiketi asiruke kipande cha kwanza kwa kuwa amepata njia nyingine ya kufika Doha, kwani asipotokea kwenye ndege ya kwanza vipande vyote vinavyofuata hufutwa.

Pale Doha tulikubaliana kukutana saa 12:45 asubuhi chini ya sanamu kubwa ya dubu wa manjano, ambayo hakuna asiyeiona. Lakini aliyeombewa kiti cha magurudumu haendi kwa dubu. Wahudumu humchukua kwa njia yao na kumfikisha moja kwa moja mlangoni, na wanaomtafuta hupoteza dakika wasizo nazo. Kiti hicho kiombwe angalau saa 48 kabla, na ndugu waambiwe kwamba mzee watamkuta mlangoni. Ilipofika saa 1:15 tulikuwa tumeondoka kwenye sanamu, aliyefika na asiyefika.

Dar tulitua Jengo la Tatu, na dereva wa kosta alikuwa na karatasi yenye majina kama yalivyo kwenye pasipoti, idadi ya mabegi, na saa ya mwisho ya kungoja: saa 10 jioni. Kutoka hapo hadi Tanga kwa njia ya Chalinze na Segera ni takriban kilomita 350, na aliyekwama nyuma alikuwa na namba ya dereva wa pili na Ijumaa nzima ya kufika. Mmoja wa London aliihitaji Ijumaa hiyo, akaingia Ngamiani baada ya magharibi, wenzake wakiwa wanapamba.