Simu ikiisha, mwandikie mteja imeli siku hiyohiyo

Mteja wa Bukavu akiagiza bati kwako Goma, mara nyingi ugomvi hauji kwenye bei. Unakuja bandarini: nani analipa boti, nani analipa wabeba mizigo? Kwa hiyo kila kazi ipe mtu na siku:

"Papa, asante kwa simu ya leo. Tumepatana bati 40, dola 12 kila moja. Mimi ninazipakia Alhamisi na kulipa boti. Wewe unatuma nusu, dola 240, kabla ya Jumatano saa sita, na unalipa wabebaji huko. Rangi bado hatujapatana. Nikikosea popote, nisahihishe leo."

Usiandike "boti italipwa"; hapo mlipaji hayupo. Asipojibu, mpigie kabla ya kupakia, kwani kimya si kukubali.