Somo: Gari likiwa gereji, bima itakulipia siku ngapi?

Mimi ni ajenti wa bima hapa Mombasa, na somo hili linahusu magari binafsi yenye bima kubwa nchini Kenya. Malalamiko ninayopokea kuhusu fidia ya kukosa gari huanzia karibu kila mara mahali pamoja: mteja huhesabu siku tangu alipogongwa, kampuni huhesabu tangu ilipotoa idhini ya kutengeneza. Kati ya tarehe hizo mbili zinaweza kupita siku nane au zaidi, na wewe unalipa gari la kukodi kila kukicha.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba unayo. Fidia hii haiji na bima kubwa yenyewe. Ni nyongeza unayoilipia kando, sawa na ile ya vurugu za kisiasa au ile ya kufuta ekses, yaani ile sehemu ya gharama unayobeba mwenyewe kila unapodai. Kiwango ninachokiona mara nyingi ni malipo ya shilingi 3,000 kwa mwaka, nayo kampuni inakulipa mpaka shilingi 3,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Fungua ile PDF ya sera yako, yaani mkataba wa bima uliotumiwa, andika `Loss of Use` kwenye sehemu ya kutafutia, kisha `Courtesy Car`. Kama hakuna kitu kwenye ukurasa wenye jina lako na namba ya gari, huna, hata kama ajenti alikuambia kwa mdomo kwamba "iko ndani".

Maneno hayo mawili si kitu kimoja. La kwanza ni pesa: unakodi mwenyewe, unarudishiwa. La pili ni gari lenyewe, linalotoka kwa mkodishaji aliyeingia mkataba na kampuni, kwa kawaida gari dogo, na mafuta ni yako. Aliyeahidiwa gari asitarajie kupewa pesa badala yake.

Hatua ya 2: Soma saa inaanza lini na inasimama lini. Hapa ndipo pesa zilipo, kwa hiyo usisome haraka. Tafuta mambo matatu. Je, siku zinahesabiwa tangu gari kuingia gereji, au tangu idhini kutolewa? Je, kuna siku za mwanzo zisizolipwa? Na je, siku za kusubiri spea zimo? Sera zinatofautiana, lakini nyingi zinazopita mezani kwangu zinalipia muda wa kutengeneza, si muda wa kungoja.

Hatua ya 3: Ripoti siku hiyo hiyo na usikodi bado. Peleka abstrakti ya polisi, fomu ya madai, nakala ya leseni na kitabu cha gari. Kila siku unayochelewesha karatasi, asesa, yule anayekagua gari kwa niaba ya kampuni, naye anachelewa, na siku hizo ni za mfuko wako. Kabla ya kukodi, uliza kwa baruapepe: "Naweza kuanza kukodi lini, kwa kiwango gani, na mnahitaji risiti ya aina gani?" Jibu lao ndilo ushahidi wako. Simu haina kumbukumbu.

Hatua ya 4: Weka karatasi. Mkataba wa kukodi wenye tarehe, risiti ya eTIMS, barua ya idhini na barua ya kutoa gari gereji. Gari la shemeji ulilolipia kwa M-Pesa bila mkataba ni vigumu kulidai.

Tuchukue mfano wa mteja wangu mmoja. Aligongwa Changamwe tarehe 2, taa ya mbele na fenda zikaharibika. Gari likaingia gereji tarehe 3, naye akakodi siku hiyo hiyo kwa shilingi 4,500 kwa siku. Asesa alifika tarehe 6, idhini ikatoka tarehe 11, taa ikapatikana tarehe 18, kazi ikaisha tarehe 20. Tarehe 21 asesa alirudi kukagua kazi. Mteja akachelewa kulipa ekses yake, gari likatoka tarehe 23.

Alilipa siku 20, jumla shilingi 90,000. Sera yake ilisema siku zinaanza na idhini na kuishia kazi inapokamilika, tena siku 3 za mwanzo hazilipwi. Tarehe 11 hadi 20 ni siku 10. Toa 3, zinabaki 7. Mara 3,000, akapata shilingi 21,000. Alikasirika, na mimi nilimwelewa, lakini hesabu ilikuwa sahihi kwa maneno aliyoyatia sahihi. Angepanda matatu na tuktuk mpaka tarehe 11, angeokoa kodi ya siku nane, yaani shilingi 36,000. Na zile siku mbili za mwisho alizipoteza kwa ekses tu.

Maswali ya wanachama

*Likoni: Gari langu limebonyea bampa la nyuma tu, linatembea. Lazima lilale gereji wakati spea inatafutwa?*

Kama taa zote zinawaka, hakuna kinachovuja na buti inafunga, omba asesa alikague kisha urudi nalo nyumbani. Gereji nyingi hupenda gari libaki, maana likibaki kazi haiendi kwa mwingine. Mwombe meneja akuandikie kwamba utalileta spea ikifika. Hivyo siku zako 10 zinatumika kwenye kazi, si kwenye kungoja meli. Lakini taa ikiwa imevunjika, usiendeshe.

*Nyali: Aliyenigonga ndiye mwenye makosa. Kwa nini nibanwe na siku 10 zangu?*

Hubanwi. Siku 10 ni mkataba wako na kampuni yako. Kilichobaki unaweza kumdai aliyekukosea. Mahakama zetu zinaichukulia hasara hii kuwa ya kutajwa wazi kwenye madai na kuthibitishwa kwa risiti. Kusema "nilikuwa nalipa kama 4,000 hivi" hakukusaidii. Pia utaulizwa kama muda ulikuwa wa haki: fenda ya siku kumi ukikodi Prado miezi miwili, hakimu hatakubali. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 unaweza kuyapeleka Mahakama ya Madai Madogo. Yule mteja wa Changamwe anadai shilingi 69,000 zake kwa njia hiyo, na nimemwonya kwamba zile siku mbili za ekses zitakuwa ngumu kuzitetea.

*Kisauni: Asesa amesema gari halitengenezeki. Je, siku zinaendelea mpaka nilipwe?*

Mara nyingi hapana. Baadhi ya sera husimamisha siku pale kampuni inapokuandikia kiasi itakachokulipa, nyingine hazilipi kabisa kwa sababu hakuna matengenezo. Rudi hatua ya 2, tafuta kinachosemwa kuhusu gari lililoharibika kabisa. Ukibishania thamani ya gari kwa wiki tatu, jua wiki hizo gari la kukodi ni lako.

*Mtwapa: Ninabeba abiria wa app kwa gari la bima binafsi. Nitalipwa mapato niliyokosa?*

La. Fidia hii ni ya usafiri wako, si ya mapato. Na bima binafsi haihusu kubeba abiria kwa malipo, kwa hiyo hata dai la matengenezo linaweza kukataliwa. Badilisha bima kabla hujagongwa.

*Bamburi: Gereji ya kampuni yenyewe ndiyo iliyochelewa wiki mbili. Nifanye nini?*

Waandikie kampuni, si gereji, kwa sababu ndiyo iliyoichagua. Taja tarehe ya idhini, tarehe waliyoahidi, na kodi ya kila siku iliyozidi. Nimeona wakiongeza siku kwa njia hiyo bila ugomvi. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, ukiambatanisha baruapepe zote.